Hataza ya Pili

Katika ofisi ya usajili wa hataza, ghorofa ya pili, dirisha namba nne, alikaa mwanamke ambaye karibu hakuna mtu aliyekumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Kila mtu alimwita Mama Rejista. Mkurugenzi alimwita hivyo, mfagiaji alimwita hivyo, na hata mumewe, akipiga simu ofisini kumuuliza ufunguo wa stoo uko wapi, alisema, "Naomba kuongea na Mama Rejista," kana kwamba ni mtu anayemfahamu kwa mbali tu.

Aliingia ofisini humo akiwa mpiga chapa mwenye viatu vya kuazima kwa dada yake. Mashine za chapa zikaondoka, kompyuta zikaja, wakurugenzi sita wakapita, yeye akabaki. Kazi yake ilikuwa kutunza rejista ya hataza, yaani orodha ya wavumbuzi ambao serikali imewapa haki ya kuzuia mtu mwingine yeyote asitengeneze, asiuze wala asiingize nchini kitu walichobuni, mpaka miaka ishirini ipite. Mle mlikuwa na pampu za maji, viatilifu, aina ya kifuniko cha chupa kisichovuja, na dawa. Dawa zilikuwa nyingi kuliko vyote.

Alikuwa na sifa moja aliyoionea fahari waziwazi, bila kujifanya mnyenyekevu. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kutoa barua ya uthibitisho ikarudi kwa kosa. Hata moja. Wageni waliokuja kupata mafunzo ofisini waliambiwa habari hiyo siku ya kwanza, kabla hawajaonyeshwa choo kilipo.

Jumatatu moja asubuhi akaja mfamasia wa Wizara ya Afya. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limechomoka upande mmoja, kifuani amekumbatia faili nene. Akasalimia kwa adabu, "Shikamoo, Mama," kisha hapo hapo haraka ikamzidi.

"Marahaba. Kaa kwanza upumue," Mama Rejista akamwambia. "Hapa hakuna kitu kinachokimbia."

"Kwangu kinakimbia, Mama. Waziri anatia sahihi Ijumaa."

Akaeleza. Kulikuwa na dawa ya vidonge inayotibu homa ya ini aina C. Mgonjwa anameza kidonge kimoja kwa siku, wiki kumi na mbili, na wengi wao wanapona kabisa, sio kupata nafuu tu. Shida ni bei. Kwa bajeti yote ya mwaka, wizara ilimudu kutibu watu mia mbili, na orodha ya wanaosubiri ilikuwa na maelfu. Kiwanda kimoja cha nchi nyingine, ambako hataza ya dawa hiyo ilikataliwa, kilitengeneza vidonge vyenye kiambato kilekile kwa bei ya chini mno. Mamlaka ya dawa ilikuwa imeshavipima na kuvisajili, maana sheria inaruhusu upimaji huo ufanyike hata kabla hataza haijaisha. Kilichobaki ni ruhusa ya kuviingiza.

"Kwa hiyo mnataka leseni ya lazima," Mama Rejista akasema.

"Matumizi ya serikali. Ni ndugu yake. Waziri anaamuru dawa iletwe kwa ajili ya hospitali za umma, mwenye hataza apende asipende, lakini analipwa fidia." Mfamasia akafuta jasho. "Ila mkubwa wangu anasema lazima kwanza Rais atangaze dharura. Tukingoja hiyo, Mama, tutazeeka."

Mama Rejista akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. Hapo aliguswa penyewe. Kama kulikuwa na jambo lililomchosha maishani, ni watu wazima kurudia maneno ambayo hawajayasoma.

"Nani kasema dharura ni sharti? Mkataba wenyewe wa kimataifa, ule wa haki miliki katika biashara, nimeusoma mara nyingi kuliko barua za mume wangu. Kila nchi ina uhuru wa kuchagua sababu za kutoa leseni ya aina hiyo. Mawaziri wa biashara wa dunia nzima walikaa wakalitamka hilo kwa maandishi. Dharura inakusaidia jambo moja tu, kwamba huhitaji kwanza kumbembeleza mwenye hataza akuuzie leseni. Na matumizi ya umma yasiyo ya biashara yana msamaha uleule. Mnachotakiwa ni kumjulisha mapema."

Mfamasia akachomoa kalamu. "Naweza kuandika hayo?"

"Andika. Kifungu cha thelathini na moja. Usiandike kwamba mimi ndiye niliyesema."

Alichohitaji mfamasia pale dirishani ni barua moja ya kutaja hataza zote zinazoihusu dawa hiyo, maana amri ya Waziri lazima iseme inagusa hataza ipi, kwa namba. Mama Rejista akaingia kwenye kompyuta. Akatafuta kwa jina la kampuni kubwa inayouza dawa ile. Ikatokea hataza moja ya kiambato chenyewe, imebakiza miaka minne. Akatafuta kwa jina la kiambato, ikatokea ileile. Akaandika barua, akapiga muhuri, akatia sahihi yake yenye mkia mrefu. Mfamasia akaondoka karibu anaruka.

Siku mbili zikapita hivi hivi.

Jumatano, saa nne, mwenzake wa dirisha namba mbili alikuwa likizo, kwa hiyo ada za mwaka alizipokea yeye. Hataza nayo hulipiwa kila mwaka, usipoilipia inakufa. Akiwa anagonga mihuri, akaja kijana mtanashati, tai imenyooka, viatu unaweza kujitazamia.

"Shikamoo, Mama yangu!"

"Marahaba! Ebo! Wakili wangu!"

Huyu alikuwa mwanafunzi wake. Miaka kumi na miwili nyuma alikuja kufanya mafunzo ya vitendo pale ofisini, akawa anachanganya herufi za mafaili mpaka Mama Rejista akamfundisha kwa kumwimbia alfabeti kama mtoto wa chekechea. Sasa alikuwa wakili wa makampuni makubwa, makampuni yenyewe ndiyo yanayomtafuta. Wakaulizana habari za nyumbani, akasifia miwani mpya, akatoa fomu ya malipo.

"Nimekuja kulipia hataza hii moja tu, Mama. Muda wa kulipia unaisha Ijumaa."

Mama Rejista akaangalia fomu. Jina la mwenye hataza lilikuwa la kampuni ndogo ya wanasayansi ambayo hakuikumbuka vizuri. Kichwa cha uvumbuzi kilisema, "Chumvi mpya na umbo lake la fuwele." Basi. Chumvi ya nini, hakikusema. Akapokea, akagonga muhuri, akatoa risiti. Ila wakati anamrudishia nakala, jicho likatua kwenye anwani ya kutumiwa barua. Ilikuwa anwani ya kampuni ile kubwa. Ile ya dawa ya ini.

Akaigusa ile anwani kwa kidole.

"Mwanangu," akasema polepole, "hawa watu wadogo ni nani?"

Wakili akatabasamu, lakini lile tabasamu lilikuja kwa kuchelewa. "Ni kampuni iliyonunuliwa zamani, Mama. Mambo ya kawaida."

"Ikanunuliwa, na hamkuja kubadilisha jina kwenye rejista."

"Hilo lilisahaulika."

Mama Rejista akaweka muhuri chini. Akainuka, akaenda chumba cha nyuma kwenye kabati za chuma, akavuta droo ya tatu, ile inayolia kama mlango wa gereza. Akalitoa faili. Ukurasa wa kumi na moja, kwenye maelezo ya uvumbuzi, palikuwa pameandikwa jina la kiambato kilekile cha dawa ya ini. Hataza hii haikuwa ya kiambato. Ilikuwa ya umbo la chumvi ambalo kiambato hicho hugeuzwa kuwa ili kiweze kukaa ndani ya kidonge. Na ilikuwa na miaka tisa mbele.

Akalifunga faili.

Mambo yote yakajipanga kichwani mwake kwa mara moja. Amri ya Waziri itataja hataza moja. Kiwanda kitaleta vidonge, navyo vina chumvi ileile. Kampuni itafungua kesi kwa hataza ya pili, ambayo amri haikuigusa, na mzigo mzima utaozea forodhani. Na yote hayo kwa sababu ya barua yenye sahihi yake, ile yenye mkia mrefu.

Alirudi dirishani. Wakili bado alikuwepo, anajifanya anasoma tangazo la likizo za wafanyakazi.

"Wizara imeshawajulisha, na ulijua barua yangu ina namba moja," akamwambia. Haikuwa swali.

"Mama, mimi natumikia mteja. Sikudanganya mtu. Nimelipia hataza ya mteja wangu, tena ndani ya muda."

"Hujafanya kosa," Mama Rejista akasema. "Kosa ni langu. Lakini rejista ni ya watu wote, hata mtoto wa shule anaruhusiwa kuisoma. Kwa hiyo nakwambia usoni, usije ukasema nimekuzunguka. Napiga simu wizarani sasa hivi."

Wakili akakuna shingo, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa na mzazi na bado anampenda. "Nilimwambia mteja tulipe kwa benki. Akasema twende dirishani tupate risiti ya mkono."

"Msalimie."

Kupiga simu ilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kuandika barua ya kusahihisha barua. Mama Rejista alikaa na karatasi nyeupe mbele yake mpaka chai ikapoa, na hata mfagiaji akapita mara mbili kumwangalia kama anaumwa. Mkurugenzi aliposikia, mambo yakazidi. Alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa simu za wakubwa.

"Tungoje kidogo," akasema. "Kuna watu wa uwekezaji wananipigia tangu jana. Wanasema tunawafukuza wageni. Wizarani umeshapiga simu, barua ya nini tena?"

"Mahakamani simu haisomwi, Bosi."

"Hilo nalo ni lao."

Mama Rejista akaenda nyumbani jioni ile na uso kama umechapwa. Mumewe alikuwa refa mstaafu wa mpira wa miguu, mrefu, mwenye sauti ya kusikika uwanja mzima hata akiomba chumvi mezani. Alimwona tu akajua.

"Nani amekufanyia rafu?"

"Nimejifanyia mwenyewe." Akamsimulia. Mume akasikiliza bila kukatiza, jambo ambalo kwa refa ni nadra.

"Nikuulize," akasema alipomaliza. "Wewe refa, umempa kadi mtu asiyehusika. Unafanya nini?"

"Mimi nitajuaje? Mpira wenyewe siuangalii."

"Ukishagundua kabla mpira haujaanza tena kuchezwa, unaruhusiwa kubadilisha. Sheria inasema hivyo. Unamwita, unafuta, unampa anayestahili. Watu watakuzomea dakika mbili. Mimi nilizomewa miaka ishirini, angalia, nina afya nzuri. Lakini mpira ukishaanza, basi tena." Akamsogezea kiti. "Waziri ameshatia sahihi?"

"Bado. Ijumaa."

"Basi mpira haujaanza. Sasa kula, maana ukiwa na njaa unaandika vibaya."

Alhamisi asubuhi Mama Rejista aliandika barua ya mistari sita. Alisema barua yake ya Jumatatu ilikuwa na upungufu, akataja namba ya hataza ya pili, akaeleza jina la nani limo kwenye rejista na kwa nini kompyuta haikuionyesha, akaomba radhi kwa usumbufu. Hakumlaumu mtu wala mashine. Akaipeleka kwa Mkurugenzi, akasimama mbele yake mpaka akaipitisha. Alichukua muda. Alisoma mara tatu, akashusha pumzi, mwishowe akaandika pembeni, "Ipelekwe," kwa herufi ndogo kama anaogopa itaonekana.

Mchana Mama Rejista akaitwa wizarani. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu na feni moja inayozunguka kwa kusitasita. Upande mmoja alikaa Katibu Mkuu, mama mnene, mpole wa sura na mkali wa maswali, na mfamasia wetu, shati safari hii limekaa sawa. Upande wa pili mwakilishi wa kampuni na wakili wake. Mama Rejista aliwekwa mwishoni, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kuleta chai.

Mwakilishi ndiye aliyeanza. Akasema kampuni imeshtushwa. Kampuni haikuombwa leseni, hakuna dharura iliyotangazwa, kwa hiyo amri ingekuwa kuvunja mkataba wa kimataifa. Ila kwa moyo mwema, kampuni iko tayari kutoa dozi mia tano bure, mradi amri hiyo iwekwe kabatini.

Mia tano. Mfamasia akatazama orodha yake ya maelfu.

Katibu Mkuu akageuza shingo mpaka mwisho wa meza. "Rejista. Ni kweli tunavunja mkataba?"

Mama Rejista hakutegemea kuulizwa. Akasimama, mkoba ukaanguka, akauacha hapo hapo.

"Mheshimiwa, mimi si wakili. Mkataba lakini nausoma. Mtakuwa mmeuvunja mkifanya haya: mkichukua hataza yote moja kwa moja bila kikomo, mkikataa kumlipa mwenyewe, mkiuza dawa hizo nje kwa wingi kama biashara, au mkimnyima njia ya kwenda kulalamika. Amri aliyoiandaa mfamasia haina hata moja ya hayo. Ni ya miaka mitatu. Ni ya hospitali za umma tu. Kampuni inabaki na hataza yake, na inaendelea kuuza dawa yake kwa yeyote. Inalipwa asilimia ya bei ya kila dozi. Ikiona haitoshi, mahakama zipo. Mwenye hataza amejulishwa, ndiyo maana amekaa hapa." Akameza mate. "Tatizo lililokuwepo ni moja tu, nalo nilileta mimi. Hataza ni mbili. Barua ya kusahihisha imo kwenye faili lako."

Feni ikakwama, ikaanza tena.

Katibu Mkuu akamgeukia wakili. "Wewe mwanasheria. Kuna alichokosea?"

Wakili akatazama karatasi zake. Mwakilishi akamkazia macho. Ilikuwa rahisi sana kumwaga maneno, na kwa maneno alilipwa. Lakini alisema, "Kuhusu mkataba, Mheshimiwa, hapana. Mteja wangu anahifadhi haki ya kupinga kiwango cha malipo."

"Hiyo ni haki yake," akasema Katibu Mkuu. "Na hizo dozi mia tano tunazishukuru. Mkitaka kuzitoa, tutazipokea hata leo. Lakini maelfu ya watu siwezi kuwaweka kabatini."

Ijumaa Waziri alitia sahihi amri yenye namba mbili.

Kampuni ilikwenda mahakamani kama ilivyosema, kwa suala la malipo tu, na kesi hiyo ikatambaa taratibu kama kesi zinavyotambaa. Dawa haikungoja. Mwezi wa tatu shehena ya kwanza ilitua uwanja wa ndege, na hapo hapo ikasimamishwa. Ofisa wa forodha alikuwa ameletewa na kampuni notisi ya kuzuia mizigo yote inayogusa hataza fulani, na namba iliyoandikwa kwenye notisi ilikuwa ile ya pili. Mfamasia alimpigia simu Mama Rejista akiwa palepale forodhani.

"Mwambie ofisa afungue amri, ukurasa wa kwanza, aya ya pili," Mama Rejista akasema. "Asome namba kwa sauti."

Akasikia kwa mbali mtu anasoma tarakimu moja moja, anarudia, kisha akasema, "Aah. Ipo. Haya, pitisheni." Mfamasia akapiga kelele kiasi kwamba Mama Rejista alisogeza simu mbali na sikio.

Sio kila kitu kilikwenda kama harusi. Hospitali mbili za mbali zilikosa mashine za kupimia, wagonjwa wao wakangoja zaidi. Mkurugenzi alinuniwa na watu wa uwekezaji kwa miezi kadhaa, na kila simu ikilia aliishika kwa vidole viwili. Kampuni yenyewe ilishusha bei yake kwa zaidi ya nusu kabla mwaka haujaisha, jambo ambalo mwanzoni ilisema haliwezekani. Wakili naye alikuja dirishani siku moja, safari hii bila tai, akabadilisha jina la mwenye hataza kwenye rejista kama inavyotakiwa. Mama Rejista akamtoza faini ya kuchelewa mpaka senti ya mwisho, halafu akamuuliza mtoto wake mdogo ameanza kutembea au bado.

Na ile sifa ya miaka thelathini na moja ikafutika. Kwa wiki ya kwanza iliuma. Wiki ya pili akajikuta anawaambia wanafunzi wapya, "Mimi nimekosea mara moja," na kuwaonyesha barua zote mbili, ya kwanza na ya pili, waone kosa lilipokuwa. Wakaanza kutafuta hataza kwa njia tatu badala ya mbili: kwa jina la mwenyewe, kwa kiambato, na kwa kufungua maelezo ya ndani na kuyasoma, hata yawe kurasa mia. Wengine walinung'unika. Walizoea.

Mwezi wa kumi mfamasia alipiga simu tena. Alikuwa ametoka kliniki. Wagonjwa mia tatu wa kwanza walishamaliza wiki kumi na mbili za vidonge, wakangoja nyingine kumi na mbili, wakapimwa. Zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuwa tena na kirusi mwilini. Mmoja wao, fundi wa kupaka rangi nyumba, alikataa kuondoka chumba cha daktari mpaka asomewe majibu mara nne, ya mwisho kwa sauti ya juu ili mkewe aliyekuwa nje asikie.

"Mama, nimeona niwe wa kwanza kukwambia," mfamasia akasema. "Mama? Uko?"

"Nipo, mwanangu." Alikuwa amevua miwani na alihitaji kitambaa, ila hakukiona kilipo. Mbele yake, dirishani, wanaume wawili wenye viwanda vya sabuni walikuwa wanagombana kwa kelele ni nani kati yao alikuwa wa kwanza kuchora nembo ya bata kwenye boksi. "Hongera sana. Hongereni wote. Nitakupigia, nina vita ya bata hapa."

Akaweka simu chini, akavaa miwani, akawageukia wale wawili.

"Haya," akasema, "nionyesheni hao bata. Mmoja mmoja."